Leja ya wadai: anza na njia ya pesa, majina yafuate

*Mwalimu, mimi ni mhasibu msaidizi katika kampuni ya kusambaza pembejeo hapa Kisumu. Tuna stoo Kakamega na Bungoma. Bosi amenipa leja ya wadai ya mwaka mzima niipitie kabla wakaguzi wa nje hawajafika, malipo kama 2,600 hivi. Naambiwa nitafute masaplaya waliojirudia, hesabu za mviringo na ankara zilizogawanywa. Nianzie wapi? Na nitajuaje kama nilichokiona ni wizi ama ni makosa tu ya kawaida?*

Dada, leja yenyewe iache kwanza. Najua mkono unawasha kuifungua na kuanza kusoma mstari kwa mstari, lakini ukifika mstari wa 400 macho yatakuwa yameshazoea, na kila kitu kitaonekana halali. Omba faili ya masaplaya, yaani orodha ya kila mtu ambaye mfumo wenu unaruhusu alipwe. Omba itolewe na anayesimamia programu, si karani wa malipo, na iwe na walio hai na waliofungwa kwenye mfumo. Unataka jina, PIN ya KRA, namba ya simu, benki na akaunti, anwani, tarehe ambayo saplaya aliingizwa na jina la aliyemwingiza. Kama programu inaweza kutoa historia ya mabadiliko ya akaunti za benki, itake pia.

Nasema uanze hapo kwa sababu jina kwenye ankara ni maandishi tu. Pesa inakwenda kwenye akaunti au kwenye simu, na anayeiba anaweza kubuni majina kumi asubuhi moja lakini hawezi kirahisi kufungua akaunti kumi. Mahali fulani njia zitakutana.

Kwa hiyo usipoteze siku nzima ukilinganisha majina. Majina yatakupa kelele nyingi: mmoja ameingizwa kwa "Ltd" na mwingine bila, mmoja kwa herufi kubwa, mwingine na nafasi mbili katikati. Linganisha PIN, akaunti na simu, ila visafishe kwanza. Namba moja ya simu inaweza kuwa imeandikwa kwa 07, kwa 254 na kwa +254, na kompyuta itaona watu watatu. Chukua tarakimu tisa za mwisho tu. Kama simu iko safu ya E:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(E2," ",""),9)
```

Weka jibu safu ya H liwe ufunguo, kisha hesabu kila ufunguo unajirudia mara ngapi:

```
=COUNTIF(H:H,H2)
```

Hesabu vivyo hivyo akaunti na PIN, ila hizo usizikate. Chunga jambo moja: ukifungua faili la CSV moja kwa moja kwenye Excel, akaunti zinazoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo, na baadaye ukizilinganisha na orodha ya benki hazitafanana. Ingiza safu hiyo kama maandishi tangu mwanzo.

Chunga na lingine ambalo limewahi kunitoa jasho bure. Niliwahi kumpelekea mkurugenzi orodha ya masaplaya zaidi ya ishirini "wanaotumia namba moja ya Paybill". Alinitazama, akacheka. Namba ilikuwa 247247, ambayo ni ya Equity yenyewe. Mteja yeyote wa benki ile hulipwa kwayo. 522522 ya KCB na 400200 ya Co-operative ni hivyo hivyo. Unapolinganisha Paybill, iunganishe na namba ya akaunti inayoifuata, vinginevyo utawashtaki watu wema wote wa mtaa wa Oginga Odinga.

Ukimaliza utakuwa na jozi. Nyingi ni za amani. Karani mgeni hakumpata saplaya alipotafuta, akamwingiza upya. Au fundi alikuwa anafanya kazi kwa jina lake, halafu akasajili kampuni. Utaona PIN ya kwanza inaanza na A, ya mtu binafsi, na ya pili inaanza na P, ya kampuni, ilhali simu ni ileile. Au ni mume na mke wenye maduka mawili na akaunti moja. Jozi kama hizi zifungwe au ziunganishwe, kwa sababu ndizo zinazofanya ankara moja ilipwe mara mbili: programu hukataa ankara yenye namba ileile kwa saplaya yuleyule, lakini ukimpa saplaya sura mbili haioni kitu. (Haioni pia kama mara moja imeandikwa 0412 na mara ya pili INV-412, kwa hiyo ondoa herufi, vistari na sifuri za mbele kabla ya kutafuta ankara pacha.)

Jozi za kukunyima usingizi ni za aina mbili. Ya kwanza, jina moja na PIN moja, lakini akaunti tofauti, na akaunti ya pili iliingizwa siku chache kabla ya malipo makubwa. Hapo huenda saplaya halisi hajui lolote. Mtu ameumba kivuli chake. Ya pili ni kinyume chake: majina mawili yasiyohusiana kabisa, yenye simu au akaunti moja. Hii ya pili ndiyo iliyonifundisha kazi, na ndiyo nitakayokueleza kwa kirefu, kwa sababu inaonyesha kwamba hizo dalili tatu ulizoambiwa si tatu. Mara nyingi ni kitu kimoja kikitazamwa pande tatu.

Ilikuwa kampuni yenye stoo magharibi mwa Kenya, ukubwa karibu na wenu. Msimamizi wa stoo aliruhusiwa kuidhinisha malipo yaliyo chini ya shilingi 100,000 peke yake. Kuanzia 100,000 ilihitajika sahihi ya meneja wa fedha. Kiwango kama hiki ndicho cha kwanza ninachouliza nikifika mahali. Usipokijua, ankara zilizogawanywa hazionekani, maana hujui zimegawanywa ili kukwepa nini.

Nilipanga ankara zote za mwaka kwa kiasi na kuzihesabu kwa mafungu ya elfu kumi. Kati ya 80,000 na 89,999 zilikuwa 9. Kati ya 100,000 na 109,999 zilikuwa 4. Kati ya 90,000 na 99,999 zilikuwa 31. Biashara ya kawaida haina nundu kama hiyo. Kadiri kiasi kinavyopanda ankara hupungua taratibu. Nundu iliyosimama mlangoni pa kiwango cha idhini ina maana kuna mtu anayekijua kiwango hicho na anaandika ankara akikitazama.

Sasa ilibidi nijue ni nani. Njia ya kawaida ni kujumlisha ankara za kila saplaya ndani ya siku saba. Kama kitambulisho cha saplaya kiko safu ya B, tarehe C na kiasi F, weka hii safu ya G:

```
=SUMIFS(F:F,B:B,B2,C:C,">="&C2,C:C,"<="&C2+6)
```

Kisha chuja mistari ambayo kila ankara iko chini ya kiwango lakini jumla ya wiki imekivuka:

```
=AND(F2<100000,G2>=100000)
```

Nilipofanya hivyo kwa namba ya saplaya, nilipata wachache tu, na wote walionekana kuwa na maelezo mazuri, hata kontrakta mmoja mwenye kazi ya awamu mbili. Muuzaji wa dizeli huleta ankara kila siku, na mwenye lori hudai kila safari. Jumla ya wiki lazima ivuke. Hao utawatambua haraka: kiasi kimetawanyika, leo 31,450, kesho 12,800, na kila ankara ina shehena yake na sahihi yake ya kupokea. Nundu yangu sikuiona hapo.

Nilikaa nayo siku mbili. Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilibadilisha safu ya B: badala ya namba ya saplaya nikaweka ule ufunguo wa tarakimu tisa za simu. Fomula ni ileile. Kundi lilijitokeza papo hapo.

Tarehe 4 ya mwezi, kontrakta mmoja alileta ankara ya 96,500, ukarabati wa sakafu ya stoo. Tarehe 6, huyohuyo, 98,000, ukarabati wa sakafu, awamu ya pili. Tarehe 9, biashara yenye jina jingine kabisa, 94,500, "kumalizia sakafu". Jumla 289,000, karibu mara tatu ya kiwango, na meneja wa fedha hakuona hata karatasi moja. Mwenye ankara hiyo ya tatu alikuwa na akaunti ya benki tofauti na PIN tofauti. Simu ndiyo ilikuwa moja. Kwa mmoja imeandikwa kwa 07, kwa mwingine kwa +254. Hiyo alama ya kujumlisha ndiyo ilikuwa imemficha mwaka mzima.

Baada ya hapo nilisoma namba za ankara. Mbili za kontrakta zilikuwa 017 na 018. Nikaangalia ankara yake ya nyuma, ya wiki sita kabla: 016. Fikiria hilo. Fundi wa ujenzi, mjini, wiki sita, hakuuza kitu kwa mtu mwingine yeyote ila sisi. Inawezekana kwa fundi mdogo, sikatai, lakini fundi mdogo wa namna hiyo kwa kawaida hapewi kazi ya karibu laki tatu bila mtu kumshika mkono.

Na hesabu zenyewe zilikuwa za mviringo: tatu zote zinaishia kwenye mia tano au elfu. Ungeanza na dalili hii ungezama, na ndiyo sababu ninaiweka mwisho. Huku kwetu nusu ya malipo ni ya mviringo kihalali. Kodi ya nyumba, walinzi, vibarua, nauli ya pikapiki, fundi wa bomba aliyepatana bei kwa mdomo: hakuna anayekudai senti. Mviringo unapata maana pale ambapo bidhaa yenyewe haiwezi kutoa mviringo. Mafuta ni lita mara bei yenye senti. Kitu kinachopimwa kwa kilo hakitoi 60,000 kamili kila mwezi. Ukarabati wenye saruji, mchanga, kokoto na siku za vibarua una mistari mingi, na mistari mingi ikijumlishwa mara tatu mfululizo haiangukii kwenye sifuri kwa bahati.

VAT huwachanganya watu hapa. Ankara ya 98,600 haionekani mviringo, lakini iondolee asilimia 16 uone: ni 85,000 juu ya 13,600. Kwa saplaya anayetoza VAT, jaribu kiasi cha kabla ya kodi:

```
=MOD(ROUND(F2/1.16,2),1000)=0
```

Na tumia kiasi cha ankara, si kilicholipwa. Kama kampuni yenu ni wakala wa kuzuia VAT, mtazuia asilimia 2 ya kile 85,000, yaani 1,700, na benki itaonyesha 96,900. Ukisoma taarifa ya benki peke yake utaukosa mviringo na pia utakosa jinsi ankara ilivyokaribia laki.

Mpaka hapo nilikuwa na shaka nzito, lakini shaka. Leja haiwezi kukuambia kama sakafu ilijengwa. Niliomba mkataba wa kazi. Haukuwepo, ila ankara ya kwanza ilisema mita za mraba 120, unene sentimita 10. Hiyo ni mita 12 za ujazo za zege. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa 1:2:4, kila mita ya ujazo hula mifuko kama 6 ya saruji ya kilo 50, kwa hiyo pale palitakiwa mifuko zaidi ya 70. Nikaomba daftari la geti. Mlinzi, mzee mmoja mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, alikuwa ameandika kila gari lililoingia. Katika siku zile iliingia pikapu moja, mifuko 14. Nikaenda kuiona sakafu. Walikuwa wameziba mashimo mlangoni na kupaka sementi juu.

Swali lako la mwisho, makosa ama wizi, linajibiwa na mwelekeo. Makosa hutawanyika. Leo karani amelipa mara mbili, mwezi ujao saplaya anarudisha au anakatwa. Hapa kuna zaidi, pale kuna pungufu, stoo zote zinakosea na watu wote wanakosea. Wizi una njia yake na huipita hiyohiyo. Kwa hiyo kwenye mistari uliyoichuja ongeza safu mbili: aliyeingiza na aliyeidhinisha. Kwenye ile kampuni, ankara 26 kati ya zile 31 zilitoka stoo moja, zote ni za huduma, si bidhaa. Huduma hupendwa kwa sababu haibaki rafuni ikahesabiwa. Na wiki tatu ambazo msimamizi alikuwa likizo hapakuwa na hata moja. Za mwizi ni arobaini, husema watu. Huyu alikuwa amezipita zamani.

Kiungo cha mwisho kilitoka kwenye faili za wafanyakazi, na hapo nenda kwa uangalifu. Data za wafanyakazi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo usijichotee orodha ya mishahara ukaifungua mezani kwako. Pata ruhusa ya maandishi, na ikiwezekana wape ofisi ya wafanyakazi funguo zako za simu na akaunti, walinganishe wao, wakurudishie tu zile zilizogongana. Waombe walinganishe pia simu za jamaa wa karibu, maana hakuna anayeweka namba yake mwenyewe. Ile simu ya makontrakta wawili ilikuwa imeandikwa kwenye fomu ya msimamizi wa stoo kama ya jamaa wa kuitwa dharura ikitokea.

Usitulizwe sana na eTIMS. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki haikubaliki kwenye kodi ya mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa, na wengi wanadhani hilo limemaliza ankara hewa. Imesaidia: sasa unaweza kuskani msimbo ulioko kwenye ankara ukaona kama KRA inaijua, na kama kiasi na PIN ya muuzaji vinafanana na karatasi uliyo nayo. Fanya hivyo kwa kila ankara iliyochujwa. Lakini inachothibitisha ni kwamba muuzaji ametangaza mauzo. Sakafu yetu ingeweza kuwa na ankara safi kabisa za eTIMS na bado ikawa mifuko 14.

Kuna wizi ambao hutauona kwa njia hii hata ukiskani mpaka Krismasi. Saplaya mmoja wa kweli, akaunti moja, ankara moja, idhini kamili, bei ya juu kwa asilimia 20 na kitu kidogo kinachorudi kwa mnunuzi jioni. Hapo hakuna pacha, hakuna mgawanyo, na hesabu ina senti zake vizuri. Unaupata kwa kulinganisha bei ya kipimo kimoja kati ya stoo zenu mbili, na kwa kumuuliza mtu wa Bungoma gunia lilikuwa linauzwa kiasi gani wiki ile. Ni kazi nyingine; ukimaliza hii tutaizungumza.

Ukipata kundi linalofanana na langu, usimwite karani kumuuliza, na usipige simu iliyo kwenye ankara "kuthibitisha". Ukifanya hivyo, daftari la geti litapotea jioni hiyohiyo. Tengeneza nakala za ankara, oda za ununuzi, hati za kupokea bidhaa na kurasa za geti kwanza. Kwenye ripoti usiandike neno wizi. Andika: ankara tatu, siku sita, 289,000, simu moja, mifuko 14. Angalia pia aliyeidhinisha ni nani kabla ya kuamua unampelekea nani. Kama jina la bosi aliyekutuma limo kwenye safu ya idhini, ripoti iende kwa wakurugenzi.

Wiki hii omba faili ya masaplaya na viwango vya idhini vya kila stoo, basi. Programu nyingine hazihifadhi tarehe ya kuingizwa kwa saplaya, na watakuambia haipo. Ikiwa hivyo, chukua tarehe ya ankara yake ya kwanza iweke mahali pake, halafu panga kuanzia aliye mpya zaidi.